Satelaiti Inasingiziwa: Poti Mbili Zisizoelewana

Katika ofisi za Lubutu, kaskazini mwa Maniema, intaneti ikizorota lawama huenda kwa satelaiti. Mara nyingi ni haki yake. Ishara inayopitia satelaiti iliyotulia juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini, huchukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mvua kubwa huidhoofisha. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaokaa ndani ya chumba chenyewe, kwenye waya mfupi kati ya ruta na swichi, na huo hauponi hata ukinunua kifurushi kikubwa zaidi.

Dalili yake inababaisha. Ujumbe mfupi wa maandishi unatoka bila shida, na ukijaribu `ping` majibu yanarudi karibu yote. Mtu akituma ripoti yenye picha, inasuasua hadi inakatika. Kunakili faili kati ya kompyuta mbili za ofisi hiyo hiyo ni haraka. Hapo satelaiti haijathibitishwa kuwa na hatia, wala swichi nzima haijaharibika. Kinachobaki kushukiwa ni poti inayokwenda kwenye ruta.

Tuseme fundi aliyefunga ruta aliifungia poti yake kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili, akaizuia isijadiliane, kisha akaichomeka kwenye poti ya 24 ya swichi iliyoachwa ijipange yenyewe. Swichi inasikia umeme wa waya na kutambua kasi: 100. Dupleksi haitambui, kwa kuwa hiyo hutangazwa katika majadiliano tu, na upande wa pili umenyamaza. Kanuni ya Etheneti inaiagiza ichukue nusu-dupleksi. Sasa swichi inaongea kama watu wa foni, zile redio za masafa tunazozijua huku: mmoja anasema, mwingine anasubiri zamu. Ruta haisubiri mtu.

Mzigo ukiwa mdogo, zamu hazigongani sana, ndiyo maana `ping` inadanganya. Swichi ikianza kutuma fremu ndefu, ruta nayo inaanza kutuma katikati yake. Swichi inahesabu huo kuwa mgongano, inakata maneno na kuacha fremu nusu. Mgongano wa halali kwenye nusu-dupleksi hutokea ndani ya baiti 64 za mwanzo, na fremu hutumwa tena baada ya kungoja kidogo. Ukitokea baada ya hapo, unaitwa mgongano wa kuchelewa; kwa kawaida fremu hutupwa, na ni programu za juu zinazogundua pengo na kuomba upya. Juu ya satelaiti, kila ombi la upya lina gharama ya zaidi ya nusu sekunde, na ndipo ofisi inapolia.

Kwenye swichi ya Sisko inayosimamiwa, angalia:

```
show interfaces status

Port    Status     Vlan  Duplex  Speed
Fa0/24  connected  1     a-half  a-100
```

Herufi `a` inasema swichi imejipangia yenyewe, na `a-half` karibu na kifaa cha kisasa ni ya kushukiwa mara moja. Kisha tazama `show interfaces Fa0/24`. Upande wa nusu, namba ya `late collision` hupanda. Upande wa kamili, ruta hukusanya makosa ya `CRC` na vipande vya fremu. Jozi hiyo ndiyo ushahidi. `CRC` peke yake, pande zote zikiwa kamili, huelekeza kwenye waya au kichwa chake. Hesabu hizi hujilimbikiza tangu swichi iwashwe, kwa hiyo zifute kwanza:

```
clear counters Fa0/24
```

Tuma faili kubwa, usome tena. Namba isiyosogea ni ya zamani.

Tiba ni kuziacha pande zote mbili zijadiliane. Wengi hufanya kinyume: wanaifungia swichi nayo, kazi inaenda vizuri, halafu baada ya muda ruta inabadilishwa na mpya inayojadiliana, na ugonjwa unarudi umegeuza pande. Swichi ndogo zisizosimamiwa huwa zinajadiliana daima na hazina mahali pa kuandika amri. Kifaa chochote kilichofungiwa dupleksi kamili kikichomekwa hapo hakitaelewana nazo. Katika hali hiyo chunguza kifaa. Kwenye Linaksi `ethtool eth0` huonyesha `Speed` na `Duplex`.

Kasi pekee ina hadithi fupi. Poti ya gigabiti inayokaa kwenye 100 na dupleksi kamili haina ugomvi wa lugha. Gigabiti ya waya wa shaba inahitaji jozi zote nne, na 100 hutosheka na mbili, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Usiilazimishe kwa amri: badilisha waya kwanza, kisha uangalie vichwa vyake.

Kabla ya kumwandikia mtoa huduma wa satelaiti, soma poti ya ruta ofisi ikiwa na kazi nyingi, uambatanishe namba hizo kwenye malalamiko yako.