Karo ya Mihula Mitatu: Kupanga Akiba kwa Kufuata Kalenda ya Shule

Karo ya shule za sekondari za bweni nchini Kenya hailipwi kwa mafungu matatu yanayolingana. Mwongozo wa Wizara ya Elimu huigawa kwa uwiano wa 50:30:20, yaani nusu ya karo ya mwaka hulipwa muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Kwa shule za bweni za kitaifa, ambazo mwongozo huo umekuwa ukizipangia Sh53,554 kwa mwaka, mgawo huo ni Sh26,777, kisha Sh16,066, kisha Sh10,711. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari, mwishoni mwa Aprili na mwishoni mwa Agosti, na siku ya kufungua ndiyo siku ya kulipa.

Mzazi anayetaka kuweka akiba kila mwezi kwa kawaida hugawanya karo ya mwaka kwa miezi 12 na kupata karibu Sh4,463. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mwaka mzima, lakini haielezi fedha zitahitajika lini. Anayeanza kuweka Januari anakuta nusu ya karo inadaiwa kabla hajaweka hata mwezi mmoja. Anayeanza Septemba, baada ya kulipa muhula wa tatu, anafika mwisho wa Desemba akiwa na takriban Sh17,850, na bado amepungukiwa na karibu Sh8,900. Kwa hiyo mpango wa karo una maswali mawili yanayokwenda pamoja: ni kiasi gani kila mwezi, na kuanzia mwezi gani.

Njia mbili za kugawa mzigo

Kalenda ya shule ina jambo moja linalorahisisha kazi hii. Kutoka malipo ya Agosti hadi ya Januari kuna miezi minne, kutoka Januari hadi Aprili ni miezi minne, na kutoka Mei hadi Agosti ni minne pia. Kila malipo yana miezi yake minne ya kuyatayarisha.

Njia ya kwanza ni kuacha kiasi cha mwezi kibadilike kufuatana na muhula unaokuja. Kuanzia Septemba hadi Desemba mzazi huweka kama Sh6,700 kila mwezi, Januari hadi Aprili Sh4,050, na Mei hadi Agosti Sh2,700. Njia hii haihitaji akiba yoyote ya awali na inamfaa anayeanza Septemba bila kitu mkononi. Ugumu wake ni kwamba miezi minne ya mwisho wa mwaka inadai zaidi ya mara mbili ya ile ya katikati ya mwaka, na ndiyo miezi yenye gharama za sikukuu.

Njia ya pili ni kuweka kiasi kimoja mwaka mzima. Kwa kuwa muhula wa kwanza unachukua nusu ya karo, unahitaji nusu ya michango ya mwaka, yaani miezi sita. Miezi sita kabla ya Januari inaanza Julai. Anayeweka kiasi kile kile kila mwezi, basi, lazima aanze Julai ya mwaka uliotangulia. Akichelewa, pengo litajitokeza Januari.

Mfano wa mshonaji wa Nakuru

Mshonaji wa nguo mjini Nakuru, ambaye mtoto wake ataingia shule ya bweni Januari, anachagua njia ya pili. Anakuza Sh4,463 hadi Sh4,500 ili hesabu iwe nyepesi na kubaki na ziada kidogo. Kwa kuwa kipato chake ni cha kila siku, anatenga fedha hizo kidogo kidogo na kuhakikisha zimetimia ifikapo tarehe 20 ya kila mwezi. Mwendo wa akiba yake ni huu:

| Kipindi cha kuweka | Iliyopo siku ya kulipa | Karo | Inayobaki |
|---|---|---|---|
| Julai–Desemba | Sh27,000 | Sh26,777 | Sh223 |
| Januari–Aprili | Sh18,223 | Sh16,066 | Sh2,157 |
| Mei–Agosti | Sh20,157 | Sh10,711 | Sh9,446 |
| Septemba–Desemba | Sh27,446 | Sh26,777 | Sh669 |

Safu ya mwisho ndiyo ya kusomwa kwa makini. Januari akiba inakwisha kabisa, na hilo si kosa. Mpango umefanya kazi yake. Agosti, kinyume chake, baada ya karo yote ya mwaka kulipwa, zinabaki zaidi ya Sh9,000. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Fedha hizo zinaonekana kama faida, kwa kuwa hakuna deni shuleni na Januari iko mbali, na ni rahisi kuzipeleka kwenye paa au kwenye cherehani mpya. Lakini ni michango ya Julai na Agosti, miezi miwili ya kwanza kati ya sita inayolipa Januari. Mshonaji akizitumia, anarudi mahali pa mtu aliyeanza Septemba mikono mitupu, na pengo lake la Januari litakuwa karibu Sh9,000.

Siku ya kipato dhidi ya siku ya kufungua

Jedwali la mshonaji linafaa kwa sababu mchango wa kila mwezi unakamilika kabla ya tarehe ya kufungua. Mfanyakazi anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi hana nafasi hiyo. Shule ikifunguliwa tarehe 27 Aprili na mshahara ukaingia tarehe 30, mchango wa Aprili haupo siku ya kulipa. Kati ya Januari na kufungua muhula wa pili, ameweka mara tatu tu, Sh13,500, wakati karo ni Sh16,066. Agosti pia mchango wa mwezi huo haupo siku ya kulipa.

Dawa yake si kuongeza kiasi bali kuanza mwezi mmoja mapema, yaani Juni badala ya Julai. Mchango huo mmoja wa ziada unabaki kwenye akaunti baada ya malipo ya Januari na kuziba pengo la Aprili. Kwa Desemba hali ni nafuu, kwa kuwa mshahara huingia kabla ya siku ya kufungua. Hatari yake ni matumizi ya Krismasi. Ndiyo maana mchango wa Desemba unapaswa kuwekwa siku ile ile mshahara unapoingia.

Kwa mkulima, kipato chenyewe hakifuati miezi. Mkulima wa majani chai anayeuza kupitia viwanda vya KTDA hupokea malipo ya kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi ambayo kwa kawaida huja karibu na Oktoba. Aliyeshindwa kuanza Julai anaweza kuanza Septemba kwa Sh4,500 na kutoa Sh9,000 katika bonasi hiyo. Fedha hizo ndizo pengo lenyewe, na kuanzia hapo anaingia kwenye mzunguko wa kawaida. Ni busara kuzitenga siku bonasi inapoingia na kabla madeni mengine hayajaifikia.

Mahali pa kuweka

Akiba ya karo ina sharti moja: ipatikane siku ya kufungua na isipatikane kirahisi kabla ya hapo. Si kila chombo kinachoitwa akiba kinatimiza sharti hilo. Katika Sacco, amana za mwanachama ndizo dhamana ya mikopo yake, na kwa kawaida haziwezi kutolewa hadi ajiondoe uanachama. Mzazi anayeziona kama akiba ya karo huishia kukopa fedha zake mwenyewe kwa riba. Anayepitia Sacco ahitaji akaunti tofauti inayoruhusu kutoa fedha.

Chama cha kupeana zamu kinaweza kufaa ikiwa zamu ya mzazi inaangukia Desemba. Zamu ya Machi huleta fedha nyingi wakati ambapo hakuna karo ya kulipwa kwa wiki kadhaa. Zamu hupangwa mwanzoni mwa mzunguko, na huo ndio wakati wa kuomba mwezi. Akaunti za kwenye simu zinazofunga fedha kwa muda nazo zinafaa, mradi tarehe ya kufunguka itangulie siku ya kufungua shule kwa siku chache.

Mtoto aliyekwisha kuingia shuleni, mzazi anaweza pia kulipa kidogo kidogo moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya shule, akitumia nambari ya usajili ya mwanafunzi. Fedha hizo haziguswi tena nyumbani. Upungufu wake ni kwamba mtoto akihamishwa, kurudishiwa salio huchukua muda, na mzazi asiyetunza stakabadhi hujikuta akibishana na afisi ya mhasibu. Stakabadhi au ujumbe wa kila malipo utunzwe, na mwisho wa kila muhula mzazi aombe taarifa ya salio kwa maandishi.

Gharama zisizo kwenye karo

Nauli, sabuni, madaftari na fedha za mfukoni huhitajika kila muhula kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo hazifuati uwiano wa 50:30:20. Familia ikikadiria Sh4,000 kwa muhula, inaongeza Sh1,000 kila mwezi. Mchango huu ukichanganywa na wa karo, haitajulikana ni kipi kilichopungua, kwa hiyo uandikwe kwenye safu yake. Sare, godoro na sanduku la mwanafunzi mpya ni gharama ya mara moja, nayo huja Januari ile ile yenye karo kubwa. Inahitaji fungu lake, na mahali pa kulitafuta ni ile orodha inayokuja na barua ya kujiunga.

Kukagua mpango

Kila mwisho wa mwezi kiasi kilichopo kilinganishwe na kinachotakiwa kuwapo. Kwa mshonaji wa Nakuru, mwisho wa Oktoba zinatakiwa Sh18,000. Akikuta Sh15,000, upungufu wa Sh3,000 unagawanywa kwa Novemba na Desemba, Sh1,500 kila mwezi. Upungufu huo huo ukigunduliwa wiki ya kufungua unadaiwa wote kwa mkupuo.

Ikiwa ni wazi kufikia Novemba kwamba Januari haitatimia, mzazi aende shuleni kabla ya kufunga, akiwa na kiasi kilichopo na tarehe za kumalizia deni zilizoandikwa. Deni hilo lazima liingie kwenye hesabu ya miezi minne inayofuata pamoja na karo ya muhula wa pili. Likiachwa nje, Aprili itakuwa na upungufu mkubwa zaidi.

Basari, iwe ya kaunti au ya hazina ya eneobunge, isihesabiwe kabla shule haijaitolea stakabadhi. Maombi hukubaliwa au kukataliwa, na hundi zinaweza kufika muhula ukiwa umekwenda mbali. Mpango uandikwe kana kwamba haipo. Ikifika, kiasi chake kiondolewe kwenye karo ya muhula unaofuata, na michango ya miezi iliyobaki ipunguzwe ipasavyo.