Asidi Dhaifu Inapozimuliwa kwa Maji

Asidi inapoyeyuka katika maji, molekuli zake hutengana na kutoa ioni za haidrojeni. Ioni hizo ndizo zinazoleta uchachu ulimini na kuigeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu. Asidi kali, kama ile ya haidrokloriki, hutengana karibu yote. Asidi ya asetiki, inayoipa siki ladha yake, hutengana kidogo sana. Katika myeyusho wenye moli 0.1 za asidi hiyo kwa lita, kwenye kila molekuli 1,000 ni kama 13 tu zilizotengana kwa wakati wowote ule. Nyingine zote ni nzima. Sehemu iliyotengana huitwa kiwango cha mtengano, na huandikwa kwa herufi ya Kigiriki α. Katika myeyusho huu α ni 0.013, yaani asilimia 1.3.

Namba hiyo haidumu. Lita moja ya myeyusho huo ikiongezwa maji hadi ziwe lita kumi, α hupanda hadi kama asilimia 4.2. Ukizimuliwa mara kumi nyingine, hufika asilimia 12.5. Kadiri maji yanavyoongezwa ndivyo asidi inavyozidi kutengana, jambo linalowashangaza wengi, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba siki iliyotiwa maji haichachi kama ile ya chupani.

Sababu yake iko katika mambo mawili yanayotendeka kwa pamoja ndani ya chombo. Molekuli za asidi hutengana bila kukoma, na wakati huohuo ioni zilizokwisha kutengana hukutana na kuungana tena. Kasi ya kutengana ikilingana na kasi ya kuungana, msawazo hupatikana. Kuna tofauti moja hapa ambayo ndiyo kiini cha habari yote: molekuli hutengana ikiwa peke yake, lakini ili kuungana lazima ioni mbili zikutane. Myeyusho ukizimuliwa mara kumi, molekuli zilizomo katika kila lita hupungua mara kumi, hivyo kasi ya kutengana nayo hupungua mara kumi. Ioni za kila aina pia hupungua mara kumi, lakini kwa kuwa kukutana kunahitaji aina zote mbili, nafasi ya kukutana hupungua mara mia. Kuungana kunazidiwa na kutengana, na ioni huongezeka mpaka kasi hizo mbili zilingane upya.

Mkemia Wilhelm Ostwald aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 1888, akiwa Leipzig, Ujerumani. Mwaka mmoja nyuma, Msweden Svante Arrhenius alikuwa ametoa hoja kwamba chumvi na asidi hutengana kuwa ioni mara zinapoyeyuka, hata kabla umeme haujapitishwa. Kanuni ya Ostwald husomeka hivi:

K = α²C / (1 − α)

C ni idadi ya moli za asidi kwa lita. K ni namba isiyobadilika kwa asidi husika, ilimradi joto ni lilelile. Kwa asidi ya asetiki kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ni takriban 0.000018. Kwa kuwa K haibadiliki, C ikipungua lazima α ipande.

Tuseme fundi wa maabara anachukua mililita 10 za asidi ya asetiki yenye moli 0.1 kwa lita, anazitia katika chupa yenye alama ya lita moja, kisha anaijaza maji yaliyokenekwa hadi kwenye alama. Sasa C ni 0.001. Kanuni ikikokotolewa, ioni za haidrojeni ni moli 0.000125 kwa lita, yaani α ni asilimia 12.5. Jumla ya ioni katika chupa imeongezeka zaidi ya mara tisa kuliko ilivyokuwa katika zile mililita 10. Hata hivyo, zimetawanyika katika ujazo uliokua mara mia, kwa hiyo kila lita ina ioni chache kuliko awali. Hivyo ndivyo α inavyopanda huku uchachu ukishuka.

Kipimo cha pH kinalionyesha hilo waziwazi. Kabla ya kuzimuliwa pH ilikuwa kama 2.9; baada ya kuzimuliwa mara mia ni 3.9. Imepanda hatua moja tu. Asidi ya haidrokloriki ikifanyiwa vivyo hivyo hupanda hatua mbili kamili, kutoka 1 hadi 3, kwa sababu haina molekuli nzima za kuziba pengo. Mtu mwenye myeyusho wa asidi asiyoijua anaweza kuizimua mara mia na kusoma pH kabla na baada: hatua moja humwambia ni dhaifu, hatua mbili kwamba ni kali.

Mashuleni hutumika njia ya mkato, α = √(K/C), inayodhani kwamba α ni ndogo kiasi cha kupuuzwa katika 1 − α. Kwa moli 0.1 kwa lita njia hiyo haina neno. Kwa 0.001 hutoa asilimia 13.4 badala ya 12.5, kosa ambalo tayari linaonekana. Kwa 0.00001 hutoa asilimia 134, jibu lisilowezekana, ilhali hesabu kamili hutoa kama 72. Kawaida mkato huu huaminika pale tu α inapokuwa chini ya asilimia 5.

Ostwald mwenyewe hakuwa na mita ya pH. Alipima jinsi myeyusho unavyopitisha umeme, kwa kuwa ni ioni tu zinazoubeba. Upitishaji kwa kila moli ya asidi ya asetiki, ikiwa yote imetengana, ni 390.7 kwa vizio vya kawaida vya kemia. Katika myeyusho wa moli 0.01 kwa lita hupimwa kama 16.3. Namba ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza hupatikana asilimia 4.2, ileile inayotolewa na kanuni. Asidi kali zilikataa kuifuata kanuni hiyo, na kitendawili hicho kilisubiri hadi mwaka 1923, Debye na Hückel walipoeleza namna ioni zilizosongamana zinavyovutana.

Kuzimua hakubadili jumla ya asidi iliyopo. Mililita 10 za mwanzo zinahitaji mililita 10 za sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita ili kusawazishwa, na lita nzima iliyotokana nazo inahitaji kiasi kilekile. Kila ioni ya haidrojeni inayoondolewa na besi huzifanya molekuli nyingine zitengane, mpaka asidi yote iishe. Bureti haiulizi α ni ngapi.

Kwa mujibu wa kanuni, kuzimua kusiko na mwisho kungefikisha α asilimia 100. Katika maji halisi haifiki. Maji yenyewe hutoa ioni za haidrojeni, moli 0.0000001 kwa lita kwenye nyuzi 25, na kiasi hicho hakipunguzwi kwa kuongeza maji. Ioni hizo huendelea kukutana na ioni za asetati na kuungana nazo, hivyo kwa asidi ya asetiki α hukomea kwenye asilimia 99.4.