Ukirudi Nyumbani, Tumbo Lako Ni Geni

Mtu aliyeishi Ulaya miaka mingi akirudi Tanga au Mombasa, huona aibu kukataa juisi aliyokaribishwa na shangazi yake. Wenyeji wanaikunywa kila siku bila kudhurika, naye amelelewa kwa maji hayo hayo. Lakini kinga ya tumbo hufifia mtu asipokutana na vijidudu vya mahali kwa muda mrefu. Ndiyo maana wengi huanza kuharisha siku chache tu baada ya kufika, mara nyingi kwa sababu ya bakteria aina ya E. koli walioingia kwa maji au chakula.

Wali, ugali au samaki aliyetoka jikoni akifuka moshi huwa salama. Hatari iko kwenye kachumbari, juisi iliyotiwa maji yasiyochemshwa, na barafu, kwani baridi haiwaui bakteria. Maji ya kunywa yatokote dakika moja nzima. Kumwomba shangazi chai ya moto badala ya juisi si utovu wa adabu.

Tuseme baba mmoja ameharisha maji mara nne usiku, hana homa wala damu kwenye choo. Anachohitaji kwanza ni ORS, iliyochanganywa kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti. Akiikosa, achukue lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Vipimo hivi visibadilishwe. Sukari ndiyo inayosaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata chumvi. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda, huyavuta maji kurudi tumboni na kuharisha kunaongezeka. Anywe glasi moja kila atokapo chooni. Mtoto wa miaka 2 hadi 10, nusu glasi. Mtoto akitapika, asubiri dakika 10, kisha apewe kijiko kimoja kimoja. Kilichobaki kimwagwe baada ya saa 24.

Wengi hukimbilia metronidazo, maarufu kama Flajili. Dawa hiyo hutibu amiba na jiadia, haiwaui E. koli. Kuharisha kwa kawaida huisha kwenyewe ndani ya siku chache. Loperamidi humfaa mtu mzima mwenye safari ndefu, mradi hana homa wala damu. Mtoto mdogo asipewe.

Antibiotiki huhitajika kuharisha kukiwa kukali au kukiwa na damu, na daktari ndiye wa kuichagua. Nenda hospitali upesi ukiona damu, homa, matapishi yasiyokoma, mkojo kukauka, au choo cheupe kama maji ya mchele, kwani huenda ni kipindupindu. Kuharisha kukipita wiki mbili, choo kipimwe.

Ukiwa na homa, dai kipimo cha malaria siku hiyo hiyo. Kinga ya malaria nayo hupungua ugenini, na malaria huweza kuanza kwa kuharisha.