Barua Pepe Iliyorudi: Soma Namba Kwanza

Umetuma barua pepe, mara inakurudia na maelezo marefu ya Kiingereza. Usihangaike nayo yote. Tafuta mstari kama huu:

```
550 5.1.1 User unknown
```

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uamuzi. Ikiwa ni 5, seva ya mpokeaji imekataa kabisa, na kutuma tena vilevile hakusaidii. Ikiwa ni 4, imesema "si sasa hivi": seva yako huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena yenyewe, pengine hadi siku 5, kabla ya kukata tamaa.

Namba yenye nukta hutaja sababu. Hapa 5 inarudia uamuzi, 1 ya katikati inaonyesha tatizo ni anwani, na 1 ya mwisho kwamba kisanduku hicho hakipo. Basi kagua herufi zilizo kabla ya alama ya @. Ungeona 5.1.2, ungekagua zilizo baada yake.

Nayo 4.2.2 maana yake kisanduku kimejaa: mpigie mwenyewe simu apunguze barua. Seva nyingine huandika 5.2.2 kwa tatizo hilohilo. Hapo foleni haipo, itume upya akishafuta.