Tufanye Nini ili Mradi Ufe?

Bandugu, vikao vyetu vingi vinaanza na "tufanye nini ili tufaulu?" na majibu yanakuwa yaleyale: kuhamasisha watu, kushirikiana na serikali. Kuna njia ya kugeuza swali. Munauliza namna ya kuharibu mradi, munaandika majibu, kisha munageuza kila jibu kuwa wazo la kazi.

Nitaionyesha kwa mradi tuliojadili hapa Nguba, wa kukusanya takataka za nyumbani. Shida munaijua. Kartie yetu inateremka kuelekea Ziwa Kivu. Mvua ikinyesha, plastiki zinatoka kwenye mifereji zinaingia ziwani, zinafuata maji ya mto Ruzizi na kuziba mitambo ya barazhi ya Ruzizi ya kwanza. Halafu umeme unapungua hata kwa yule anayetupa takataka zake vizuri.

Basi swali likawa: tufanye nini ili kila chupa ya Nguba ifike Ruzizi? Kila mtu aliandika peke yake dakika 10, bila kukosoa wengine. Majibu matatu yalituvuta:

1. Tupite siku yoyote tukipenda.
2. Tulipishe kila nyumba mwezi mzima mara moja.
3. Tukusanye vizuri, kisha tumwage kwenye bonde lingine.

La tatu lilichekesha, lakini kicheko kilikatika haraka: kwenye mpango hapakuandikwa mahali pa kumwaga.

Kugeuza ndiko kunakosumbua. Ukisema tu "tupite siku iliyopangwa," umeongeza kukanusha, wazo bado. Uliza kwanza: siku ikiruka, kwa nini takataka zinaenda kwenye mfereji? Juu mama hana nafasi ya kuweka mfuko uliojaa ndani ya nyumba ndogo, na mvua ikija anaumwaga. Hapo wazo linatoka: gunia moja linabaki kwenye parsele, na tunapita na filimbi Jumanne na Ijumaa asubuhi. Jibu la pili vilevile: familia nyingi zinaishi na pesa ya kila siku, kwa hiyo walipe kidogo kila tunapochukua. La tatu: makubaliano ya mahali pa kumwaga yapatikane mbele ya kuandikisha nyumba ya kwanza.

Majibu mengine hayageuki. "Mvua inyeshe sana" huwezi kuigeuza, ila unaweza kujitayarisha: kuzibua mifereji mwezi wa nane, mbele ya mvua za mwezi wa tisa. "Serikali ilale" ukiigeuza inakuwa hotuba. Karatasi ikijaa majibu ya aina hiyo, rudisheni swali kwa mambo yaliyo mikononi mwenu.

Mwishoni, pitisheni kila wazo kwenye maswali matatu: nani atafanya, siku gani, kwa pesa gani? Likikosa jibu hata moja, bado halijageuka, lirudishwe mezani.