Pengo Kati ya Koili

Chukua transfoma ya mtaani ya kVA 315, inayopokea volti 11,000 na kutoa 400. Koili ya volti ndogo imezungushwa karibu na kiini cha chuma, na ya volti kubwa ikaizingira kwa nje. Kati yao kuna pengo jembamba la mafuta na karatasi ya kuhami. Mzigo ukiwapo, mikondo ya koili hizi hupingana, na ndani ya chuma athari zao karibu zinafutana. Ndani ya pengo mambo ni kinyume: pale zote mbili husukuma sumaku upande uleule. Sumaku hiyo haizipiti koili zote kwa pamoja. Hutunza nishati na kuirudisha tena na tena, na hapo ndipo inapozaliwa riaktansi ya mvujo. Kwa hiyo hata transfoma bora kabisa huvuja.

Uga wa sumaku huanza sifuri kwenye ukingo wa ndani wa koili ya ndani, hupanda hadi kilele pengoni, kisha hushuka tena hadi sifuri ukingo wa nje. Nishati hufuata mraba wa uga. Ndiyo maana pengo huhesabiwa lote, lakini unene wa koili huhesabiwa theluthi tu. Tuseme pengo ni milimita 12, na koili zina unene wa 24 na 30. Jumla yenye uzito ni 12 + 54/3, yaani 30. Tuseme pia riaktansi ni asilimia 3.8 na ukinzani wa nyaya asilimia 1.2. Impidansi inakuwa karibu asilimia 4, na shoti kwenye upande wa volti 400 italeta takriban ampea 11,400.

Sasa igawe koili ya volti ndogo nusu kwa nusu, ya volti kubwa ikae katikati. Mapengo ni mawili, ila kilele cha uga kimepungua nusu na nishati katika kila pengo imebaki robo. Hesabu inakuwa 12/2 + 54/12, yaani 10.5. Riaktansi inashuka hadi karibu asilimia 1.3. Ukinzani haukuguswa, hivyo impidansi inabaki kama asilimia 1.8, na shoti inafika ampea 25,000. Volti haitashuka sana chini ya mzigo, lakini joto la shoti ndani ya nyaya hufuata mraba wa mkondo: limezidi karibu mara tano. Kwa transfoma ya mtaani, ambako shoti ni za kawaida, mimi nisingeukubali mpangilio huo.

Katika mpangilio wa kwanza, shoti kubwa huibana koili ya ndani kuelekea kwenye chuma na kuitanua ya nje. Pengo likipanuka, riaktansi hupanda. Fundi anaweza kulijua hilo bila kufungua tangi: anaunganisha pamoja nyaya za kutokea, kisha anapandisha volti upande wa volti kubwa hadi mkondo ufike ampea 16.5. Katika transfoma yetu nzima, volti 440 zinatosha. Riaktansi ikitofautiana na kipimo cha awali kwa zaidi ya asilimia 2, kuna koili iliyohama.