Asilimia 71 na kamba ya msingi

Fundi alikuwa ameshapiga vigingi na kuvuta kamba nilipofika kiwanjani, na vibarua walikuwa tayari kuanza kuchimba msingi. Kamba ya upande wa jirani ilionekana kuukaribia mno mpaka. Nikapima kwa futi kamba, nikapata meta 2 na sentimita 10. Ramani ya nyumba ile niliichora mimi, na upande ule nilikuwa nimeacha meta 3 kamili.

"Mzee, nimepima mwenyewe kwenye ramani," fundi aliniambia, akanionyesha rula. "Milimita 10 na nusu. Skeli ni moja kwa mia mbili. Zidisha."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosea ni karatasi. Nilikuwa nimechora kwenye karatasi ya A2, na mwenye nyumba, akihofia ile ya asili isichanike kiwanjani, akaenda kuitolea kopi iliyopunguzwa ikaenea kwenye A3. Michoro yote ilisinyaa, lakini maandishi "1:200" yalibaki vilevile, kwa kuwa mashine inanakili namba bila kujua maana yake.

Watu wengi wakisikia asilimia 50 kwenye mashine ya fotokopi hufikiri karatasi itakuwa nusu ya ile ya kwanza. Sivyo. Asilimia ya mashine inahusu urefu wa mstari, si ukubwa wa eneo. Ukiweka 50, mstari wa sentimita 10 unatoka sentimita 5, na kwa vile upana nao umepungua hivyohivyo, mchoro mzima utachukua robo tu ya nafasi yake ya awali. Kwa hiyo 50 inaitoa A2 na kuitia kwenye A4, ikiiruka A3 iliyo katikati.

Ili kushuka saizi moja tu, kutoka A2 hadi A3 au kutoka A3 hadi A4, inatakiwa 71. Namba hiyo inatokana na jinsi karatasi zenyewe zilivyopangwa. Ukikata A3 katikati unapata A4 mbili, na kila moja ina umbo lilelile la mama yake. Umbo hilo linapatikana tu pale upande mrefu unapokuwa mara 1.414 ya upande mfupi. Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliliandika jambo hili katika barua ya mwaka 1786, na mwaka 1922 Walter Porstmann akalifanya msingi wa vipimo vya karatasi vya Ujerumani, ambavyo ndivyo tunavyotumia leo. Eneo likipungua kwa nusu, kila upande unabaki 0.707 ya ulivyokuwa. Mashine nyingine huandika 71, nyingine 70. Kurudi juu saizi moja ni 141.

Asilimia hizi huzidishwa, hazijumlishwi. Ukipunguza kwa 71, kisha ukaipunguza nakala hiyo kwa 71 tena, unapata 0.71 mara 0.71, yaani karibu 50. Vilevile, ukipunguza kwa 80 halafu ukakuza kwa 120, hurudi ulikotoka, unafika 96. Kurudi kutoka 80 kunahitaji 125.

Sasa turudi kwenye skeli ya fundi. Skeli mpya hupatikana kwa kugawanya namba ya zamani kwa asilimia iliyotumika. Mia mbili ukiigawanya kwa 0.71 unapata 282, kwa hiyo nakala yake ilikuwa 1:282, skeli isiyokuwepo kwenye rula yoyote. Meta 3 zilikuwa milimita 15 kwenye ramani yangu. Kwenye nakala zikawa milimita 10 na nusu na ushee. Ndani ya nyumba hakukosea, kwa sababu vyumba viliandikiwa vipimo kwa namba. Umbali wa mpaka sikuuandikia namba, na hilo ni kosa langu.

Ndiyo maana ramani ikilazimika kupunguzwa, napendelea 50 kuliko 71. Kwa 50, mchoro wa 1:100 unakuwa 1:200, na wa 1:200 unakuwa 1:400. Unafuta namba ya zamani, unaandika mpya, na rula inaendelea kufanya kazi. Nafasi ikiruhusu, 80 nayo inafaa, maana 1:100 inageuka 1:125, skeli iliyomo kwenye rula nyingi za wachoraji.

Tatizo ni kwamba kioo cha mashine nyingi za steshenari kinaishia A3. A2 haitoshi, lakini inawezekana kuipitisha kwa vipande. Weka mashine kwenye 50, kisha nakili upande wa kushoto wa ramani, halafu wa kulia, halafu wa katikati. Hicho cha katikati si anasa. Mashine haisomi wala kuchapa milimita chache za ukingoni, kwa hiyo vipande viwili pekee vitaacha ufa katikati ya nyumba. Usiikunje ramani, kwani mkunjo hutoka kama mstari na fundi anaweza kudhani ni ukuta. Ikandamize ilale bapa kwenye kioo kizima, kwa sababu sehemu iliyoinuka hutoka na ukungu na vipimo vyake huharibika. Kisha shika vipande dhidi ya dirisha lenye mwanga, linganisha kuta zinazojirudia, kata karatasi mbili kwa pamoja kwa wembe, unganisha kwa utepe wa gundi, na unakili tena kwa 100. Sasa una A4 moja.

Kuna kikomo. Herufi za urefu wa milimita 2.5 zikipunguzwa kwa 50 zinabaki milimita 1.25, na juani, kwenye karatasi yenye vumbi la saruji, hazisomeki. Mistari ya milimita 0.18 inakuwa 0.09 na huanza kukatika. Waliotengeneza kalamu za wino za wachoraji walilifikiria jambo hili. Unene wake unapanda kwa hatua ileile ya karatasi: 0.25, 0.35, 0.5, 0.7. Mstari wa 0.35 ukishuka saizi moja ya karatasi unakuwa kama uliochorwa kwa kalamu ya 0.25. Hivyo anayejua kuwa mchoro utapunguzwa huchora kwa kalamu moja nene zaidi tangu mwanzo.

Na usiiamini namba inayoonyeshwa na mashine bila kupima. Mashine ikiachiwa ijichagulie kiasi cha kuenea kwenye karatasi, inaweza kutoa 68 au 69 ili kuokoa ukingo, na hakuna atakayekuambia. Siku hizi mimi huchora kwenye kila ramani mstari wa milimita 100 uliolala, na mwingine uliosimama. Baada ya kopi, naupima kila mmoja. Ikitoka 71 kwa upande mmoja na 70 kwa mwingine, najua karatasi iliteleza au mashine inavuta. Pembeni naweka pia mstari wenye alama za meta, ambao husinyaa pamoja na nyumba na hivyo hubaki kweli kwa asilimia yoyote.

Siku ile mstari huo haukuwepo kwenye ramani yangu. Tulizisogeza kamba zote kwa sentimita 90, vigingi vikang'olewa na kupigwa upya, na juu ya nakala ya fundi nikaandika kwa kalamu nyekundu: 71%, 1:282, umbali wa mpaka meta 3.00.